Seva ya Faili Inaposimbwa na Kirusi cha Kikombozi: Kutambua Kinakoendeshwa, Kuzuia Kisienee na Kutunza Ushahidi

Mafaili ya seva ya pamoja yanapoanza kubadilika majina huku wafanyakazi wakitazama, swali la kwanza la fundi liwe hili: kirusi cha kikombozi, yaani ransomware inayosimba mafaili na kudai malipo, kinaendeshwa kwenye kompyuta ipi? Mafaili yaliyoharibika yako kwenye seva, kwa hiyo mikono hukimbilia seva, ikazimwa, ikawashwa tena, ikapigwa skani ya antivairasi, ilhali kirusi chenyewe kimetulia kwenye kompyuta ya mfanyakazi mmoja na kinaingia kwenye seva kwa njia ileile ya halali anayoitumia kufungua kazi zake. Katika hali hiyo kuzima seva hakukamati chochote, na ushahidi ulio bora zaidi unabaki kwenye kompyuta ambayo hakuna aliyeitazama. Mwongozo huu unafuata dalili zinazotenganisha hali hizo, kisha unaeleza la kufanya kwa kila moja.

Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha huko Kurasini, Dar es Salaam, yenye kompyuta 20 hivi na seva moja ya Windows Server 2019 inayoendeshwa kama mashine pepe ndani ya Hyper-V. Seva ina folda mbili za pamoja, `Nyaraka` na `Hesabu`. Asubuhi, karani anayeandaa nyaraka za kutoa mzigo bandarini anakuta ankara haifunguki, jina lake limeongezewa herufi asizozijua, na ndani ya folda kuna faili la maandishi linalodai malipo.

Kabla ya yote: je, mafaili yamesimbwa kweli?

Faili kutofunguka kuna sababu nyingi, zikiwemo diski inayokufa au mtu aliyeweka nywila bila kuwaambia wenzake. Namna ya haraka ya kupata uhakika ni kusoma baiti nne za mwanzo za faili bila kulifungua kwa programu yake:

```
Get-Content -LiteralPath 'D:\Nyaraka\ankara.docx.kxq' -Encoding Byte -TotalCount 4
```

Faili zima la `docx` au `xlsx` huanza na 80 75 3 4, na la `pdf` huanza na 37 80 68 70. Mafaili matatu au manne kutoka folda tofauti yakitoa namba zisizofanana kabisa na hizo, na karatasi ya madai ikawa imo katika folda hizohizo, hapana haja ya kuendelea kubishana. Andika saa uliyothibitisha. Tumia saa za mfumo wa 24, kwa mfano 08:47, kwa sababu "saa tatu kasoro" iliyoandikwa katika daftari la tukio italeta mkanganyiko itakapolinganishwa na logi za kompyuta.

Ingia kwenye seva kupitia skrini yake yenyewe, au dirisha la Hyper-V, ukitumia akaunti ya msimamizi iliyo ya seva hiyo peke yake. Usiingie kwa akaunti ya msimamizi wa domeni nzima. Mtu akiingia moja kwa moja kwenye kompyuta iliyovamiwa, vitambulisho vyake hukaa katika kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ya kompyuta hiyo, na mvamizi aliye ndani anaweza kuvichukua. Maambukizo mengi yaliyokuwa ya kompyuta moja yamekuwa ya ofisi nzima kwa njia hiyo, kupitia fundi aliyekuja kusaidia.

Dalili ya kwanza: folda za pamoja zimeharibika, lakini seva yenyewe ni nzima

Tazama diski `C:` ya seva pamoja na folda zozote ambazo hazijashirikishwa kwenye mtandao. Ikiwa huko hakuna faili lililoguswa wala karatasi ya madai, na seva haionyeshi mchakato mgeni unaokula prosesa, basi karibu kila mara usimbaji unafanyika kwa mbali, kutoka kompyuta nyingine.

Uthibitisho upo katika karatasi ya madai. Watu wengi huangalia mmiliki wa mafaili yaliyosimbwa, na hapo hupotea, kwa kuwa virusi vingi huandika juu ya faili lilelile kisha hulibadilisha jina, hivyo mmiliki wa awali hubaki palepale. Karatasi ya madai, kwa upande wake, ni faili jipya, na mmiliki wake ni akaunti iliyoliumba:

```
Get-Acl 'D:\Nyaraka\README.txt' | Select-Object Owner
```

Katika ofisi yetu jibu ni `OFISI\karani07`. Kama jibu lingekuwa `BUILTIN\Administrators`, dalili hii pekee isingetosha, kwa maana mtu mwenye haki za msimamizi akiumba faili, hata kwa mbali, mmiliki anaweza kuandikwa kwa jina la kundi zima la wasimamizi.

Sasa, kabla ya kukata kitu chochote, tazama nani ameunganishwa na seva wakati huu. Taarifa hii hupotea mara mawasiliano yanapokatika, na kuichukua hakuzidi nusu dakika:

```
Get-SmbSession | Select-Object ClientComputerName, ClientUserName, NumOpens
Get-SmbOpenFile | Select-Object ClientUserName, Path
```

Piga picha ya skrini kwa simu, saa ikionekana. Hivi ndivyo inavyoweza kuonekana:

```
ClientComputerName  ClientUserName      NumOpens
192.168.10.31       OFISI\mhasibu02            3
192.168.10.47       OFISI\karani07           212
192.168.10.52       OFISI\meneja01             1
```

Mtu anayefanya kazi kwa mikono yake hashiki mafaili 212 kwa wakati mmoja. Ukirudia amri ya pili baada ya sekunde chache na kuona majina ya mafaili yakibadilika, huku yakifuata mpangilio wa folda moja hadi nyingine, umempata. Iwapo anwani inayotokea ni ya seva nyingine badala ya kompyuta ya mfanyakazi, ruka hadi dalili ya tatu, kwa sababu mvamizi amekwisha kufika mbali.

Mpangilio wa hatua zinazofuata una maana yake. Kufunga akaunti ya `karani07` kwenye domeni ni jambo la lazima, lakini hakutoshi, maana tiketi ya Kerberos iliyokwisha kutolewa huendelea kutumika, na muda wake wa kawaida ni saa 10. Kukata kikao peke yake nako hakutoshi, kwa kuwa kompyuta ya mfanyakazi hujiunganisha tena yenyewe ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo mzuie kwanza kwenye kila folda ya pamoja, ndipo ukate kikao:

```
Block-SmbShareAccess -Name Nyaraka -AccountName 'OFISI\karani07' -Force
Block-SmbShareAccess -Name Hesabu -AccountName 'OFISI\karani07' -Force
Close-SmbSession -ClientUserName 'OFISI\karani07' -Force
```

Wakati wewe unaandika amri hizi, mwenzako awe njiani kwenda kwenye meza ya kompyuta hiyo. Achomoe waya wa mtandao, kisha azime waifai, kwa kuwa kompyuta mpakato iliyochomolewa waya mara nyingi hurukia waifai ya ofisi papo hapo, na ikikosa hiyo hutafuta mtandao wa simu ya mwenyewe. Asiizime kompyuta, asifunge kifuniko chake, asibonyeze chochote kilichoandikwa kwenye skrini. Aichomeke kwenye chaja na akae nayo. Ndani ya kumbukumbu yake ya muda ndimo kirusi kinamoishi, pamoja na amri kilizopewa, anwani za mitandao kilizowasiliana nazo, na wakati mwingine funguo za mafaili kinayoyashughulikia wakati huo.

Dakika tano baadaye rudia `Get-SmbSession`. Tafuta kiendelezi kile kigeni katika mafaili yaliyobadilishwa baada ya saa uliyokata kikao. Ikiwa hakuna jipya, umezuia. Ikiwa mapya yanaendelea kutokea, kuna kompyuta ya pili, au ulichokiona kilikuwa sehemu tu ya jambo. Katika hali hiyo chomoa waya unaounganisha swichi na seva, bila kungoja kumjua wa pili ni nani. Ofisi itasimama kufanya kazi, na ni haki isimame.

Dalili ya pili: seva yenyewe inasimba

Hapa folda ambazo hazikushirikishwa nazo zimeharibika, mmiliki wa karatasi ya madai ni `SYSTEM` au kundi la wasimamizi, orodha ya vikao haina mtu mwenye mafaili mengi, na prosesa na diski zinafanya kazi kupita kiasi. Amri `vssadmin list shadows` inaweza kuonyesha kwamba nakala za kivuli zilizokuwepo jana hazipo tena, kwa kuwa virusi vingi huzifuta mapema. Kwenye logi ya `System`, tukio namba 7045 linaonyesha huduma mpya iliyosakinishwa. Kwenye logi ya `Security`, tukio 4624 la aina ya 10 linaonyesha mtu aliyeingia kwa Remote Desktop. Ukikuta tukio 1102, ujue kuna mtu aliyefuta logi ya usalama, na tukio hilo lenyewe ni ushahidi wa thamani.

Katika hali hii huna sababu ya kusubiri nusu dakika. Kwa kuwa seva ya mfano wetu ni mashine pepe, kazi yote hufanyika kwenye kompyuta inayoibeba:

```
Disconnect-VMNetworkAdapter -VMName SEVA-FAILI
Save-VM -Name SEVA-FAILI
```

Amri ya kwanza inaikata seva na mtandao. Ya pili inaigandisha ilivyo, usimbaji ukasimama katikati, na yaliyomo katika kumbukumbu yake ya muda yakaandikwa kwenye diski. Nadhani hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kuendesha seva kama mashine pepe, nayo ni nadra kukumbukwa siku ya tukio. Wengine hukimbilia kupiga `Checkpoint`, ila tangu Windows Server 2016 aina yake ya kawaida katika Hyper-V ni `Production`, ambayo haichukui kumbukumbu ya muda na tena huiomba seva iliyoambukizwa ishiriki kuiandaa. Kwa watumiaji wa VMware, kitendo cha `Suspend` hufanya kazi inayolingana na `Save-VM`. Baada ya hapo nakili folda nzima ya mashine pepe kwenda diski ya nje, na uchambuzi wote ufanyike juu ya nakala. Seva ya asili isiamshwe.

Seva ambayo si pepe ina ugumu wake. Chomoa waya wa mtandao, fungua `Resource Monitor`, tafuta mchakato unaoandika diski kwa kasi, bonyeza kitufe cha kulia cha panya na uchague `Suspend Process`. Usichague `End Process`, kwa kuwa mchakato uliouawa huondoka na kumbukumbu yake. Baada ya kuusimamisha, na si kabla, chomeka diski ya nje na uchukue nakala ya kumbukumbu ya muda kwa zana kama WinPmem au FTK Imager. Diski inayochomekwa wakati kirusi bado kinatembea nayo husimbwa pamoja na zana zilizomo. Angalia pia mfumo wa diski hiyo: seva yenye kumbukumbu ya GB 32 itatoa faili la karibu ukubwa huohuo, na flashi nyingi zinazonunuliwa Kariakoo huja na mfumo wa FAT32 ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Kazi itakatika katikati na utakuwa umepoteza muda, kwa hiyo ifomati kwa NTFS au exFAT ukiwa kwenye kompyuta safi.

Ikiwa mchakato hautambuliki, au umeusimamisha na mwingine ukazuka, huku mafaili yakiendelea kupotea, basi zima seva kwa kukata umeme wake. Utapoteza kumbukumbu ya muda, lakini utaokoa mafaili ambayo bado hayajafikiwa, na kati ya hasara hizo mbili hii ndiyo ndogo. Kwa sababu hiyohiyo, seva ambayo bado inasubiri kuchukuliwa kumbukumbu yake isitegemee umeme wa ukutani pekee. Hakikisha UPS inashika, maana umeme wa Dar es Salaam ukikatika dakika hiyo uamuzi utakuwa umefanywa bila wewe.

Dalili ya tatu: kompyuta nyingi zinaanza pamoja

Karatasi za madai zikitokea kwenye kompyuta kadhaa ndani ya dakika chache, chanzo kinachoshukiwa zaidi ni seva ya domeni, ambayo mvamizi huitumia kusambaza kirusi kwa sera za kundi au kwa kazi zilizopangiwa muda. Huduma yenye jina `PSEXESVC` katika tukio 7045 kwenye kompyuta nyingi ni alama nyingine ya usambazaji wa mkono. Usifukuze kompyuta moja moja. Chomoa nyaya zinazounganisha swichi na swichi, zima vituo vya waifai, na kwanza kabisa kata diski au seva ya nakala rudufu, kwa kuwa ndiyo shabaha inayofuata. Kompyuta zenyewe ziache zikiwa zimewashwa lakini zimetengwa. Ruta isiwashwe upya, kwa maana ruta nyingi za ofisi ndogo hutunza logi zake kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ingia, piga picha au hifadhi orodha ya mawasiliano, kisha uondoe waya wa intaneti.

Ushahidi unaotunzwa, na namna ya kuutunza

Logi za Windows zina ukubwa wenye kikomo, na zikijaa hufuta za zamani ili kupisha mpya. Logi ya `Security` ya seva yenye shughuli nyingi inaweza kupoteza usiku wa uvamizi kabla ya siku mbili kupita. Katika dalili ya kwanza, ambapo seva inaendelea kuwaka, zitoe mapema:

```
mkdir E:\ushahidi
wevtutil epl Security E:\ushahidi\Security.evtx
wevtutil epl System E:\ushahidi\System.evtx
Get-FileHash E:\ushahidi\*.evtx -Algorithm SHA256
```

Amri ya mwisho inatoa heshi ya kila faili, yaani alama inayobadilika faili likiguswa. Iandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyenakili, saa, na namba ya diski iliyotumika, kisha tengeneza nakala ya pili na uifungie kabatini. Utaratibu huu una uzito mahakamani: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaelekeza kwamba uzito wa ushahidi wa kielektroniki upimwe kwa uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Mlolongo huo wa maelezo haujengeki tena wiki moja baadaye kwa kukumbuka.

Tunza pia karatasi ya madai, na mafaili machache yaliyosimbwa pamoja na matoleo yake mazima kutoka barua pepe au nakala rudufu. Jozi kama hizo husaidia kutambua aina ya kirusi, na mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, hutoa bure zana za kufungulia aina kadhaa. Antivairasi isipewe ruhusa ya kusafisha chochote kabla ya nakala kuchukuliwa. Itafuta programu yenyewe na kukuachia mafaili yaliyoharibika bila kilichoyaharibu.

Kuhusu funguo zilizomo katika kumbukumbu ya muda, matarajio yawe ya kiasi. Mwaka 2017 baadhi ya waliovamiwa na WannaCry kwenye Windows XP na Windows 7 waliweza kurudisha mafaili kwa sababu namba tasa zilizozaa ufunguo zilikuwa bado zimebaki kwenye kumbukumbu, ilimradi kompyuta haikuwashwa upya. Virusi vingi vya leo husimba ufunguo wa kila faili kwa ufunguo wa hadhara ambao mwenzake wa siri hauko kwenye kompyuta yako kabisa. Hata hivyo kumbukumbu hiyo ndiyo inayoonyesha mvamizi aliingiaje na alifika wapi, na bila kulijua hilo seva mpya itavamiwa kwa mlango uleule.

Toa taarifa kwa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, na kwa polisi mapema, ushahidi ukiwa bado haujaguswa. Seva ya wakala wa forodha hubeba nakala za vitambulisho na namba za walipa kodi za wateja, na hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika, kwa hiyo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo iarifiwe.

Kabla ya kufungua folda tena

Tafuta faili la kwanza kabisa kusimbwa, kwa kupanga mafaili yenye kiendelezi kigeni kwa saa ya kubadilishwa. Katika ofisi yetu la kwanza ni la 08:12, lakini logi ya `Security` inaonyesha `karani07` akiingia kwenye seva kutoka `192.168.10.47` saa 02:36 usiku, wakati ofisi imefungwa. Usimbaji ulikuwa hatua ya mwisho. Nakala rudufu ya kurudishia inatakiwa ichaguliwe kwa saa ya uvamizi badala ya saa ya usimbaji, na kila akaunti iliyoonekana kutoka anwani hiyo tangu usiku ule ibadilishwe nywila. Seva ya domeni ikiwa imeguswa, nywila ya akaunti `krbtgt` ibadilishwe mara mbili, zikipishana kwa zaidi ya saa 10, ili tiketi zote za zamani zife.

Kompyuta ya karani ijengwe upya kwenye diski nyingine, ile ya zamani ikabaki kabatini na namba yake daftarini. Rudisha `Nyaraka` kwanza kwa ruhusa ya kusoma tu, na uiache hivyo siku nzima ya kazi huku ukirudia `Get-SmbSession` kila baada ya muda. `Hesabu` ifuate kesho yake. Kizuizi cha `karani07` kiondolewe kwa `Unblock-SmbShareAccess` pale tu kompyuta mpya na nywila mpya vimekwisha kukabidhiwa kwa maandishi.